Shajara ya nyumba yetu: kugawana LUKU na bili ya maji vyumba sita

Jumamosi, 4 Januari 2025

Umeme umekata tena jana usiku, na safari hii haikuwa hitilafu. Uniti zimeisha. Nyumba yetu ya Tabata ina vyumba sita, LUKU moja na mita moja ya maji. Kila chumba hutoa 15,000 mwanzo wa mwezi, jumla 90,000, na kila mwezi hela hizo huisha kabla ya mwezi kuisha. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Lawama huenda kwa mama wa chumba cha nne, kwa sababu ana friji na anauza barafu. Yeye hujibu kwamba friji si pasi, na kwamba chumba changu kinapiga pasi kila asubuhi.

Leo tumekaa uani. Mzee wa chumba cha kwanza, ambaye ana redio na taa mbili tu, alisema maneno ambayo sikuweza kuyapita: "Wanangu, mimi nalipa sawa na friji. Sijawahi kulalamika, lakini sasa pensheni haitoshi." Nimejitolea kupima. Wenzangu wamenipa miezi mitatu, na nitaandika hapa kila hatua ili asije mtu akasema hesabu zilipikwa.

Wakazi ni hawa. Cha kwanza ni mzee na mkewe. Cha pili ni mimi na mdogo wangu. Cha tatu ni kaka wa bodaboda, yuko peke yake. Cha nne ni mama wa barafu na watoto watatu. Cha tano ni dada wa saluni, naye peke yake. Cha sita ni mama anayefua nguo za watu, mumewe na watoto wawili. Tuko watu 14.

Jumapili, 12 Januari

Nimeenda kwa baba mwenye nyumba kwanza, kwa sababu nyaya ni zake. Nilimwomba kila chumba kiwe na LUKU yake. Sababu yangu haikuwa ugomvi tu, ni bei. TANESCO wana kundi la matumizi madogo ya nyumbani, yaani wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, ambao uniti huwatoka kama shilingi 122 pamoja na kodi na tozo. Sisi vyumba sita tukipita kwenye mita moja tunaonekana mteja mmoja mkubwa, tunawekwa kwenye bei ya kawaida, na uniti inatutoka shilingi 356. Ndiyo maana elfu kumi inatupa uniti 28 tu. Mzee wa redio analipa bei ya mtu mwenye friji hata kabla hatujaanza kugawana.

Baba mwenye nyumba alinisikiliza vizuri. Kuunganishiwa umeme mjini, njia moja, karibu na nguzo, ni 320,960 kwa kila mita. Kwa vyumba sita inakaribia milioni mbili, na amesema hana kwa sasa. Alichokubali ni mita ndogo za ndani, tuzinunue sisi, mradi fundi awe mwenye leseni na asiguse lakiri ya LUKU. Mita ndogo zitakaa baada ya swichi kubwa, moja kwa kila waya unaokwenda chumbani.

Nikamuuliza na jambo la pili. Kila mwezi, tokeni ya kwanza tunayonunua hukatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Jengo ni la kwake, nasi tunailipa kimyakimya. Aliitazama risiti kwenye simu yangu kwa muda, akasema hakuwa amelifikiria hilo. Amekubali tuikate kwenye kodi ya nyumba.

Jumamosi, 25 Januari

Mita sita zimefungwa. Kabla sijaziamini nimezipima, na kipimo chenyewe anaweza kukifanya yeyote mwenye birika la umeme.

Usoni mwa mita pameandikwa `1600 imp/kWh`. Maana yake ile taa ndogo nyekundu huwaka mara 1,600 kwa kila uniti moja. Birika letu limeandikwa wati 1,500. Likichemsha peke yake, kwa saa nzima lingekula uniti moja na nusu, yaani taa ingewaka mara 2,400, sawa na mara 40 kwa dakika. Basi tukazima kila kitu chumbani, tukachomeka birika, mdogo wangu akashika saa ya simu, mimi nikahesabu mimweko.

Chumba changu: 39. Cha kwanza: 39. Cha tatu: 38. Cha nne: 39. Cha sita: 39. Kupungukiwa moja hakunisumbui, kwa sababu umeme ukiwa chini kidogo birika nalo hula kidogo. Ndiyo maana nilitumia birika lilelile, katika saa ileile, vyumba vyote. Chumba cha tano kilitoa 46. Nikarudia mara tatu, 46. Mita ile ingemlipisha dada wa saluni kwa uniti 100 takriban uniti 118. Fundi ameirudisha dukani, amekuja na nyingine, na hiyo imetoa 39.

Jumamosi, 1 Februari

Siku ya kuanza kusoma. Nimepiga picha mita zote saa moja asubuhi, kila mwenye chumba akiwa amesimama pale.

LUKU yenyewe ina shida yake: skrini inaonyesha salio lililobaki, na kwa mgawanyo nahitaji kilichotumika. Njia ninayotumia ni kuchukua salio la mwanzo wa mwezi, naongeza uniti zote zilizonunuliwa, kisha natoa salio la mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kila tokeni lazima ipitie mkononi mwangu, au aliyenunua anitumie ujumbe wake. Tokeni moja ikinunuliwa bila taarifa, hesabu yote inavurugika. Salio la leo ni 9.2.

Kwa maji nimeanza na daftari la ndoo. Limefungwa kwa kamba karibu na bomba, kila anayechota anaandika.

Jumanne, 11 Februari

Daftari la ndoo limekufa. Mchana watu wanaandika, usiku hakuna anayeandika, na watoto wakitumwa maji hawaandiki kabisa. Nimejumlisha siku kumi nikapata kama theluthi moja ya kile mita ya maji inachoonyesha. Nimelitoa. Nitatafuta njia nyingine bili ikija.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi wa kwanza umefungwa. Tulinunua umeme wa 90,000. Ukitoa 1,500 ya kodi ya jengo, tulipata uniti 248.4. Ongeza 9.2 za mwanzo, toa 3.9 zilizobaki, tumetumia 253.7.

Mita ndogo zinasoma hivi: cha kwanza 9.4, cha pili 31.2, cha tatu 12.7, cha nne 118.4, cha tano 27.8, cha sita 24.1. Jumla ni 223.6. Kuna pengo la uniti 30.1 ambazo LUKU imezihesabu lakini hazikupita chumba chochote.

Pengo hili nimelifuata jioni nzima. Taa za nje ni tatu. Mbili ni za kisasa, wati tisa kila moja. Ya tatu, ile ya mlangoni, ni globu ya zamani ya wati 60, inawaka saa 12 kila usiku. Kwa siku 28 globu hiyo peke yake imekula uniti 20, nyingine mbili kwa pamoja uniti 6. Zilizobaki ni kama 4, na hizo nimeridhika nazo: kila mita ndogo hula kidogo ili ifanye kazi, na nyaya nazo hupoteza.

Lakini sasa ninaulizwa mbona pampu haimo. Tuna pampu inayopandisha maji kutoka tangi la chini hadi la juu, inafanya kazi dakika 45 kila siku. Hesabu yangu ya pengo imekamilika bila pampu. Basi umeme wa pampu unapita wapi?

Jumapili, 2 Machi

Tumeupata, na sikulala vizuri.

Leo asubuhi nilimwomba mama wa chumba cha nne azime breka yake, achomoe friji, azime taa. Mita yake ikatulia, taa nyekundu haikumweka. Akarudisha breka, kila kitu kikiwa bado kimechomolewa. Bado imetulia. Nikamwambia kaka wa bodaboda awashe pampu. Taa ya mita ya chumba cha nne ikaanza kumweka, tik, tik, tik. Tulihesabu: mara 27 kwa dakika.

Mama alisimama pale na kanga yake mkononi, akaniangalia, akasema, "Mwanangu, miaka yote hii wananisema friji." Sikuwa na jibu. Fundi aliyefunga pampu zamani alichukua waya uliokuwa karibu, na waya huo ulikuwa wa chumba chake. Sisi tulikuwa tunagawana sawa, kwa hiyo hakulipia pampu peke yake. Lakini mwezi huu, kwa mita zangu mpya, angeilipia yeye, na mimi ningempelekea karatasi yenye namba nzuri.

Mimweko 27 kwa dakika ni 1,620 kwa saa, yaani uniti moja kwa saa. Kwenye kibao cha pampu pameandikwa `0.75 kW`. Hiyo ni nguvu inayotoka kwenye mota kusukuma maji. Inayoingia kutoka kwenye waya ni kubwa zaidi. Aliyepiga hesabu kwa kibao angepunja. Dakika 45 kwa siku, siku 28: uniti 21. Chumba cha nne kwa hakika kimetumia 97.4.

Jumatatu, 3 Machi

Kikao baada ya futari. Tumekubaliana hivi. Uniti za chumba zinalipwa na chumba, kwa 356. Pengo la taa za nje linagawanywa sawa kwa vyumba sita, kwa sababu mlango ni wetu wote: 30.1 mara 356 ni 10,716, kila chumba 1,786. Umeme wa pampu unahamishiwa kwenye bili ya maji, kwa kuwa anayetumia maji mengi ndiye anayeifanyisha kazi.

Mzee wa chumba cha kwanza anatoka na 5,132 badala ya 15,000. Alisoma karatasi mara mbili akaikunja akaiweka mfukoni. Mama wa barafu anatoka na 36,460. Hiyo ni haki kwa mita, lakini ni pigo. Amesema wazi kwamba barafu hailipi hivyo.

Sikutaka kuishia hapo. Friji moja kula karibu uniti tatu kwa siku ni nyingi mno hata kwa biashara. Nikachukua karatasi ya daftari, nikaibana kwenye mlango wa friji, nikaivuta. Juu ilishika. Upande wa chini ilitoka kama imepakwa mafuta. Mpira wa mlango umepasuka, baridi inavuja mchana kutwa na mashine haipumziki. Ameagiza mpira mpya.

Jambo jingine limeletwa na dada wa saluni. Hataki picha ya mita yake iwekwe kwenye kundi la Wasap. "Mtu akiangalia uniti anajua nilirudi saa ngapi na kama nina mgeni," alisema. Ana haki. Kuanzia sasa kwenye kundi nitaweka jumla na pengo tu; masomo ya chumba namtumia mwenyewe, na atakayetaka kuhakiki mita yake aje tusome pamoja.

Jumatano, 5 Machi

Bili ya maji ya Februari imefika: uniti 31, shilingi 55,800, yaani 1,800 kwa uniti. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, ndoo 50 za lita ishirini. Ukiwagawia watu 14 kwa siku 28 unapata lita 79 kwa kila mtu kila siku. Kwa nyumba inayochota kwa ndoo, sikuamini.

Jaribio langu la kwanza la kutafuta uvujaji lilikuwa bovu. Juzi usiku, kila mtu amelala, niliangalia mita ya maji nikaona gurudumu dogo linazunguka kwa kasi. Nilishtuka nikataka kuita fundi. Kumbe tangi la chini lilikuwa linajaa, maana msukumo wa maji huwa mzuri usiku. Kwa nyumba yenye tangi, mita ya barabarani haikwambii maji yanatumika lini.

Jana usiku nimepima tangi lenyewe, lile la juu. Nimekata fimbo nyembamba, nimeichora kwa sentimita. Kipenyo cha tangi ni sentimita 110, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita tisa na nusu. Wote waliombwa wachote ndoo moja mapema na wasivute choo kati ya saa nne na saa tisa usiku, kabla ya daku. Saa nne fimbo ilisoma 71. Saa tisa ilisoma kama 64 na nusu, kidogo juu ya hapo. Sentimita sita na robo hivi zimeondoka bila mtu kugusa bomba. Ni takriban lita 60 kwa saa tano, lita 12 kwa saa. Kwa mwezi wa siku 28 ni uniti 8.

Asubuhi nimetia rangi ya bluu ya kufulia ndani ya tangi la choo nikasubiri robo saa bila kuvuta. Bluu imeshuka kwenye sinki la choo, mstari mwembamba kama uzi. Ni mpira wa kuzuia maji chini ya tangi, umechakaa. Kwa macho huwezi kuuona mkondo ule, na hautoi sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amefunga mita ya saba kwa ajili ya pampu na taa za nje. Waya wa pampu umetolewa chumba cha nne. Globu ya wati 60 imebadilishwa, sasa ni ya wati tisa. Mpira wa choo umewekwa, na usiku fimbo haikusogea.

Nimeenda kumsalimia baba mwenye nyumba nikiwa na fimbo na picha. "Shikamoo baba. Maji haya uniti nane hayakutumiwa na mtu, yamepita kwenye choo cha nyumba." Alibishana kidogo, kwamba wapangaji ndio wanaovuta choo kwa nguvu. Mwishowe amekubali 14,400 ziondoke kwenye kodi, kwa mwezi huu mmoja. Kuanzia sasa tukikaa na uvujaji bila kumwambia, ni juu yetu. Nimeona ni sawa.

Ijumaa, 14 Machi

Mgawanyo wa maji. Mita ndogo za maji haziwezekani kwetu, bomba ni moja uani. Kugawa kwa vyumba kunamwonea kaka wa bodaboda. Kugawa kwa vichwa peke yake kunatuonea wote kwa sababu ya biashara ya kufua.

Nilikaa na mama wa chumba cha sita, nikamweleza bila kumlaumu. Akasema tuhesabu pamoja. Wiki nzima alichora msitari ukutani kwa mkaa kila ndoo aliyomwaga kwenye beseni la nguo za watu: siku tatu za kufua, ndoo 18 kila siku, jumla 54. Hiyo ni lita 1,080 kwa wiki, uniti 4.3 kwa wiki nne. Kuhesabu ndoo za mtu mmoja, kazi moja, wiki moja, kumewezekana pale ambapo daftari la wote kwa mwezi mzima lilishindikana. Barafu ni ndoo moja kwa siku, haifiki uniti 0.6 kwa mwezi.

Basi: uniti 31, toa 8 za choo, zimebaki 23. Toa za kufua na za barafu, zimebaki 18.1 kwa watu 14, sawa na lita 46 kwa mtu kwa siku. Hiyo naiamini. Ukiongeza umeme wa pampu, uniti moja ya maji imetutoka 2,125. Kila mtu ni 2,750. Kufua kumebeba 9,137 juu ya watu wanne wa chumba hicho. Mama amesema ataongeza kidogo bei ya shuka, nguo nyingine ataziacha.

Watoto tumebishana sana. Wengine walitaka mtoto ahesabiwe nusu. Mama wenye watoto wenyewe walikataa: nepi na sare za shule hufuliwa kila siku. Kila kichwa ni kimoja, awe mtoto au mtu mzima. Mgeni akizidi siku saba anahesabiwa.

Jumanne, 1 Aprili

Sikukuu imepita, mita zimesomwa. Friji ya chumba cha nne, pamoja na biashara ya Ramadhani ambayo ndiyo msimu wake wa barafu, imeshusha chumba kutoka uniti 3.5 kwa siku hadi 2.7. Mita ya saba imetoa namba ya pampu na taa bila kukisia. Pengo tangu ifungwe ni uniti 4.6.

Kila chumba sasa kinatanguliza kiasi cha mwezi uliopita, na tarehe mosi tunarekebisha: aliyezidisha anabakiziwa, aliyepungukiwa anaongeza. Uniti hazikuisha hata siku moja mwezi Machi.

Kaka wa bodaboda anahama Jumamosi. Nimemwambia tusome mita yake siku hiyo asubuhi, aandike namba kwa mkono wake, naye mpangaji mpya aandike yake chini ya hiyo kabla ya kuingiza kitanda.

Kwa baba mwenye nyumba nitarudi mwezi wa sita. Namba za miezi miwili zinaonyesha vyumba vitano kati ya sita viko chini ya uniti 75, mbali kabisa, na vyote vinalipa 356. Nitamwomba aanze na LUKU moja, ya chumba cha kwanza.